Kuisoma Picha ya Chupa: Kifuniko, Mstari wa Shingoni na Gundi ya Lebo

Mara nyingi chupa ya wiski bandia ni chupa halisi. Kioo chake kilitengenezwa kwa ajili ya kampuni iliyoandikwa kwenye lebo, na lebo yenyewe ilichapwa kwa agizo la kampuni hiyo hiyo. Ilinunuliwa, ikanywewa baa au kwenye sherehe, ikaokotwa ikiwa tupu, ikauzwa kwa mtu anayeijua thamani yake, kisha ikarudi sokoni imejaa kitu kingine: spiriti ya bei ya chini iliyozimuliwa kwa maji na kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Ndiyo maana mnunuzi anayeweka picha mbili sambamba na kuuliza kama zinafanana hapati msaada wowote. Zinafanana, kwa kuwa ni chupa ile ile.

Swali lenye faida ni lingine: katika chupa hii, mkono wa mtu umepita wapi? Kiwandani, kazi ya kujaza, kufunga na kubandika hufanywa na mashine, na mashine hurudia kitendo kimoja kwa namna moja mara maelfu. Anayejaza upya chumbani kwake ana faneli, koleo na gundi. Lazima ajaze, lazima afunge, na mara nyingine abandike lebo. Alama zake zitakuwa mahali hapo, na picha nzuri ya simu inaweza kuzionyesha. Hilo lina uzito sasa kwa sababu pombe kali nyingi za harusi, send-off na sikukuu huagizwa kwa picha kupitia WhatsApp, na fedha hutumwa kabla mtu hajaishika chupa.

Tuanze na kifuniko, kwa kuwa hapo ndipo penye ushahidi mzito kuliko kwingine kote.

Kifuniko cha kawaida cha alumini kinapofika kwenye mashine ya kufungia hakina hesi hata moja. Ni kikombe chenye ubavu laini. Mashine inakivika mdomoni mwa chupa, inakikandamiza kwa juu, halafu magurudumu madogo yanakizunguka na kuibana alumini mpaka iingie ndani ya hesi za kioo. Magurudumu mengine yanaukunja ukingo wa chini uingie chini ya ukosi wa shingo. Kwa hiyo mikunjo unayoiona kwenye kifuniko halisi ni chapa ya shingo ya chupa hiyo: ina kina kile kile kuzunguka pande zote, mipaka yake iko wazi, na ukingo wa chini umelala sawasawa kwenye kioo bila kupinda wala kuachama.

Sehemu ya chini ya kifuniko hukatwa iwe pete, na pete hushikamana na sehemu ya juu kwa vishikizo vyembamba sana vya alumini. Ukifungua, vishikizo vinakatika, kifuniko kinatoka, pete inabaki shingoni. Aliyejaza upya ana njia mbili tu. Ama arudishe kifuniko kile kile, ama apate kipya na kukibana kwa mkono au kwa kifaa kidogo.

Akirudisha cha zamani, tazama mstari wa mkato kati ya kifuniko na pete. Kwenye chupa ambayo haijafunguliwa mstari huo ni mwembamba na unene wake haubadiliki. Kwenye iliyofunguliwa pete huwa imeshuka kidogo, na nafasi huwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Wengine huisukuma pete juu na kuidondoshea gundi ya haraka; gundi hiyo ikikauka huacha kitone kinachong'aa au utando mweupe kama vumbi. Ishara ninayoipenda kuliko zote ni ya maandishi. Vifuniko vingi vimechapwa nembo, mistari au herufi zinazopita juu ya mkato, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye pete. Kifuniko kikifunguliwa na kufungwa tena, pete nayo ikizunguka kidogo, nusu hizo hazikutani tena. Herufi iliyokatika na kuhama kwa milimita mbili huonekana hata kwenye picha ya simu ya kawaida, na ni vigumu kumpata mtu mwenye subira ya kuilinganisha upya kwenye chupa mia.

Akiweka kipya, mikunjo ndiyo itakayomuumbua. Hesi zitakuwa na kina kifupi upande mmoja, ubavu utakuwa na mikwaruzo ya meno ya koleo, na kifuniko kitaegemea upande. Hapa pana jambo la kuangalia kabla ya kumshutumu mtu: chupa za bei ya juu huwa na kifuniko kirefu chenye ubavu laini kabisa, kwa sababu hesi zake ziko kwenye plastiki ya ndani. Kukosa mikunjo kwa nje si kosa kwenye aina hiyo. Lazima ujue aina unayoitafuta inafungwaje, na njia rahisi ni kupiga picha ya chupa uliyoinunua mahali unapopaamini kabla hujaitupa.

Chupa nyingi za aina hiyo zina pia kizibo cha plastiki chenye gololi ndani ya shingo. Gololi inaruhusu kinywaji kutoka na kuzuia kingine kuingia. Anayetaka kujaza hana budi kukichokonoa kizibo hicho na kukirudisha, na akifanya hivyo huacha mikwaruzo kwenye mdomo wake au kukikalisha upande. Alama hii haionekani mpaka kifuniko kitoke, kwa hiyo haitamsaidia anayenunua kwa picha. Itamsaidia mwenye baa: chupa ikifunguliwa na kizibo kikaonekana kimechakaa, aipige picha hapo hapo kabla ya kumimina.

Nailoni ya kubana inayofunika shingo ni dhaifu zaidi kama ulinzi, maana inauzwa wazi na hukazwa kwa joto la mashine ya kukaushia nywele. Ya kiwandani hukaa kama ngozi. Ya mkono huwa na makunyanzi karibu na bega la chupa, mapovu, na mara nyingi haina ule utepe wa kuchania.

Sasa twende shingoni, kwenye mstari wa kinywaji. Watu wengi huuangalia vibaya, ama kwa kuupuuza ama kwa kuuamini kupita kiasi.

Shingo ya chupa ya mililita 750 kwa kawaida ina upana wa ndani unaokaribia sentimita 2. Mahali hapo mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kinapandisha mstari kwa takriban sentimita moja na nusu. Shingo inakuza kosa dogo likawa kubwa. Mtu anayejaza kwa faneli akikosea vijiko viwili, mstari unahama sentimita 3, na kosa hilo ni la kawaida kabisa kwa mkono. Mashine nyingi za kujazia hufanya kinyume: zinasimamia urefu wa mstari, ili chupa zote zionekane sawa rafuni. Chupa za katoni moja zikipangwa kwenye meza iliyonyooka, mistari yake inapaswa kukaa karibu pamoja. Tofauti ya milimita chache si neno, kwani kioo chenyewe hakimwagwi kwa unene ule ule kila mara. Tofauti ya sentimita moja au zaidi inahitaji maelezo.

Joto nalo lina nafasi yake. Pombe ya asilimia 40 hutanuka kwa kiasi cha asilimia 0.7 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa chupa ya mililita 750 hicho ni kijiko kile kile cha chai. Chupa iliyopigwa picha ndani ya chumba chenye kiyoyozi na nyingine iliyopigwa mchana kwenye buti la gari zinaweza kuachana sentimita moja na nusu, na zote zikawa halali. Kwa sababu hiyo usilinganishe mstari wa picha ya muuzaji na mstari wa picha uliyoikuta mtandaoni. Linganisha chupa na chupa ndani ya picha moja, zikiwa zimekaa pamoja.

Kamera pia hudanganya. Simu ikiwa juu ya mstari, ukingo wa mbele na wa nyuma wa kinywaji huachana na unaona duara lililobanwa. Ikiwa chini, hivyo hivyo. Simu ikiwa sawasawa na mstari, duara hilo hujifunga na kuwa mstari mmoja mnyoofu. Ukiona mstari mmoja mnyoofu, picha inaweza kupimwa. Ukiona duara, iombe upya. Chupa za pembeni mwa picha nazo huvutwa na lenzi, kwa hiyo muuzaji arudi nyuma hatua mbili na kuziweka katikati.

Kuna chupa moja ambayo mstari kamili ni kasoro: ile ya miaka mingi. Pombe hutoka taratibu kupitia kizibo cha gome, na chupa ya miaka hamsini kwa kawaida imeshuka. Ikija imejaa mpaka juu, ikiwa na lebo isiyo na doa, bei yake isimameshwe kwanza.

Gundi ya lebo ni ushahidi wa tatu, na kwangu ni dhaifu kuliko hizo mbili, ila kwa chupa za vodka na jini una faida ya pekee: unaweza kuiona lebo kwa mgongo, kupitia kinywaji. Igeuze chupa, weka taa upande wa pili, upige picha. Lebo za karatasi zinazobandikwa kwa gundi ya maji hupakwa na mashine kwa mistari myembamba sambamba, kama shamba lililopigwa matuta, na mistari hiyo hubaki ikionekana hata baada ya kukauka. Lebo za kunata, zilizokuja na gundi yake, hazina mistari. Mgongo wake ni tambarare, umejaa sawasawa mpaka kwenye kona. Gundi ya brashi au ya kidole ni kitu kingine kabisa. Ina mizunguko, mabonge, sehemu zisizo na gundi ambapo karatasi imeinuka, na mara nyingi imechuruzika nje ya ukingo na kukamata vumbi. Wakati mwingine unaona gundi ya aina mbili, na kivuli cha lebo ya zamani kikichungulia milimita chache kando ya mpya. Hicho kivuli kikionekana, mazungumzo yameisha.

Lakini lebo iliyokunjamana peke yake haimtii mtu hatiani. Chupa iliyokaa kwenye ndoo ya barafu, au stoo yenye unyevu wa Tanga au Mombasa, itainua kona zake hata kama ni halisi. Na kama nilivyosema, aliyejaza chupa yenye lebo safi hakuigusa lebo hata kidogo.

Maneno ya kwenye lebo, hata hivyo, yamewahi kuifichua chupa maarufu kupitia picha tu. Mwaka 2017 hoteli moja ya St. Moritz, Uswisi, iliuza glasi ndogo ya wiski ya Macallan iliyosemekana ni ya mwaka 1878, kwa faranga 9,999. Habari ikasambaa magazetini pamoja na picha za chupa. Wataalamu wa wiski walioziona picha hizo wakatia shaka kizibo na lebo. Lebo ilimtaja Roderick Kemp kuwa mmiliki wa Macallan, ilhali Kemp aliinunua Macallan mwaka 1892, miaka 14 baada ya tarehe iliyodaiwa. Hoteli ikapeleka sampuli ipimwe. Kipimo cha kaboni kilichofanywa Chuo Kikuu cha Oxford kikaonyesha kwamba kwa uwezekano wa asilimia 95 pombe ile ilitengenezwa kati ya 1970 na 1972, na maabara ya Uskoti ikaona ni mchanganyiko wa wiski, si wiski ya shayiri pekee. Mteja akarudishiwa fedha zake. Tazama mgawanyo wa kazi ulivyokuwa: picha ilileta shaka, maabara ikatoa hukumu.

Kwa chupa za kwetu, kati ya picha na maabara kuna stempu ya kodi. Tanzania ina stempu za kielektroniki za TRA, zinazokaguliwa kwa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu. Kenya ina stempu za KRA na programu ya Soma Label. Omba picha ya stempu iliyo karibu na yenye kusomeka, ya kila chupa, si ya moja. Jibu linalorudi lazima lilingane na kinywaji kilicho mbele yako. Na kabla hata ya kukagua, soma namba kwa macho. Mwenye kunakili stempu hunakili moja na kuichapa mara nyingi, kwa hiyo chupa mbili zenye namba moja zimekwisha kujieleza. Ila stempu halali inathibitisha kwamba chupa ilipita kwenye mfumo wa kodi mara moja. Haisemi kama ilijazwa tena baadaye, isipokuwa pale ilipobandikwa kupita juu ya kifuniko hadi shingoni. Hapo angalia kama imechanika na kuunganishwa.

Tuchukue mfano tuone haya yote yakifanya kazi pamoja. Kamati ya harusi inataka katoni ya wiski, chupa 12 za mililita 750. Muuzaji anatuma picha moja: katoni iliyofunguliwa, imepigwa kutoka juu, na bei iliyo chini ya ile ya duka la jumla. Picha hiyo inaonyesha vichwa vya vifuniko tu. Haina mstari wa kinywaji, haina pete, haina gundi. Mweka hazina wa kamati anamwandikia kwa heshima: “Kaka, naomba utoe chupa nne uzipange mezani, simu iwe usawa wa shingo. Weka pembeni karatasi yenye jina la harusi na tarehe ya leo. Halafu picha ya karibu ya kila kifuniko, pande zote. Tuma kama faili, zisipungue ubora.” Karatasi inazuia picha ya kuazima. Faili inazuia WhatsApp isiibane picha mpaka mkato wa pete upotee.

Picha zinarudi. Chupa tatu mistari yake inakaribiana. Ya nne iko chini kwa sentimita 2. Zimekaa meza moja, kwa hiyo joto halielezi kitu. Simu ilikuwa usawa, mstari ni mnyoofu, meza haijainama, kwani mistari ya nyingine tatu iko sambamba na ukingo wake. Mweka hazina anakuza kifuniko cha ile ya nne: mkato ni mpana upande wa kulia, na nembo iliyopita juu yake imehama. Anarudi kwenye zile tatu. Vifuniko viko sawa. Anatazama namba za toleo zilizochapwa chini kwenye kioo: mbili zinafuatana, ya tatu ni ya toleo jingine kabisa.

Namba ya toleo tofauti inaweza kuwa na sababu nzuri, maana duka dogo huweza kujaza katoni kwa chupa zilizobaki rafuni. Mstari ulioshuka pamoja na pete iliyoachama havina sababu nzuri. Na mtu mwenye chupa moja ya kujazwa upya ndani ya katoni ama ameziweka mwenyewe ama ameuziwa na mwenye kuzijaza. Kwa mnunuzi mambo hayo mawili ni mamoja, kwa sababu zile nane ambazo hazikupigwa picha hazijulikani. Kamati inaacha katoni nzima, haichagui zile tatu.

Rangi sikuitaja mpaka sasa kwa makusudi. Simu hurekebisha rangi kufuatana na taa, na wiski ile ile huonekana kahawia chini ya balbu na njano dirishani. Rangi ina maana pale tu chupa mbili zilizo kwenye picha moja, chini ya taa moja, zinapotofautiana.

Na picha haiwezi kuiona methanoli. Haina rangi, na ikichanganywa na pombe ya kawaida haiachi alama shingoni wala kwenye gundi. Mwezi Mei 2014, watu zaidi ya 60 walifariki katika siku chache kwenye maeneo kadhaa ya Kenya, Embu na Kiambu yakiwamo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho. Chupa inayopita kila ukaguzi wa picha bado inaweza kuwa na sumu hiyo, kama aliyeifunga alikuwa na mashine nzuri.

Dalili zake huchelewa. Mtu anaweza kulala akidhani amelewa tu, kisha baada ya saa 12 hadi 24 aanze kuumwa tumbo na kichwa, kuhema kwa kasi, na kuona ukungu au weupe mbele ya macho. Huyo apelekwe hospitali wakati huo huo, asisubiri kupambazuke, kwa kuwa kuna dawa ya kuzuia mwili usiigeuze methanoli kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho, na kuna kusafisha damu kwa mashine, na vyote hufaa zaidi vikiwahi. Wanaompeleka waibebe na chupa, pamoja na kifuniko chake na tone lililobaki, na wawaulize wote waliokunywa kutoka katoni ile wanaendeleaje.